Usimwekee mama king'ora

"Mama husahau dawa yake ya presha ya saa mbili usiku. Nimeambiwa nibadilishe mlio wa arifa niweke king'ora, na mtetemo mpaka mwisho. King'ora kipi kikali zaidi?"

Acha, usiguse bado. Mlio wa arifa unatumiwa na kila programu ambayo haijapewa mlio wake. Ukiweka king'ora pale, kitalia kwa dawa, kitalia kwa ujumbe wa pesa, kitalia kwa kila mchango wa harusi kwenye kikundi. Siku mbili za kwanza mama atashtuka. Baadaye kidole kitazoea kunyamazisha kabla jicho halijasoma, na dawa itapita pamoja na salamu za asubuhi. Mwisho atapunguza sauti yote, na hapo hasikii chochote. Wanaouza ushauri wa "weka kali zaidi" wananiudhi kweli, maana hawabaki kuona simu ikizimwa sauti na dawa ikabaki kwenye pakiti.

Kanuni ni moja: mlio wa dawa usiwe mlio wa kitu kingine chochote kwenye simu hiyo.

Kwa hivyo iondoe dawa kwenye arifa, iweke kwenye kengele ya saa. Kengele ina kiwango chake cha sauti. Mama akinyamazisha simu kwa sala ya Isha akasahau kuirudisha, arifa hufa lakini kengele kwa kawaida hulia, isipokuwa amewasha ule ukimya unaofunga mpaka kengele. Fungua Saa, andika 20:00. Angalia vizuri: wengi huandika 2:00 kwa kufikiria saa mbili yetu, ikalia usiku wa manane. Chagua kila siku. Kwenye `Label` andika "Dawa ya presha, iko kabatini", aone la kufanya bila kufungua kitu. Kwenye programu ya Saa ya Google, ndani ya mipangilio, kuna `Gradually increase volume`. Weka sekunde 30, sauti ipande polepole isimrukishe.

Mlio wenyewe uwe wa katikati, kama marimba au kengele ya mlango. Masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na spika ndogo ya simu haitoi vizuri besi nzito. Jaribu feni ikizunguka kwa kasi na televisheni imewashwa, simu ikiwa pale anapoiweka, nawe usimame jikoni. Usiposikia mlio vizuri, badilisha mlio kwanza, ndipo uongeze sauti.

Mtetemo uzime. Nyumbani simu haiko mwilini mwake. Juu ya godoro la sponji humezwa, juu ya meza ya kioo hupiga kelele ya kuchosha. Na usiweke kengele ya pili "ya tahadhari" dakika tano baadaye, kwani ya kwanza itageuka ya kupuuzwa.