Jumamosi asubuhi mwache alale kwanza

"Mume wangu kaanza zamu ya usiku kiwandani, anarudi saa moja na nusu asubuhi. Nimemwomba Jumamosi asilale ili tushinde pamoja, maana hatuonani kabisa."

Dada, futa huo mpango wa Jumamosi leo hii. Mimi nimekesha ghalani miaka mitatu, na huko kushinda macho na mke wangu ndiko kulikotutoa pikipiki.

Jumamosi moja nilirudi, nikaoga, nikakaa naye sebuleni kama kawaida. Mchana akaniambia kaka yake anataka mkopo na anaomba pikipiki yetu iwe dhamana. Nikajibu, "Sawa, hamna shida." Macho yalikuwa wazi, lakini nakuapia sikumbuki hata neno moja. Nilikuwa macho tangu Ijumaa saa tisa alasiri, karibu saa ishirini na mbili. Shemeji akashindwa kulipa, wakaja kuichukua, nami nikamwita mke wangu mwongo mbele ya mama yake. Miezi minne tulilala chumba kimoja bila salamu.

Na aliyenipoteza ni kiongozi wetu wa zamu. "Wiki mbili tu mwili unazoea." Bado namkasirikia. Wengi wetu hatuzoei kabisa, kwa sababu ukitoka kazini unapigwa na jua, na siku za mapumziko unalala usiku kama watu wengine, basi mwili unarudi kule kule. Mtu wa hivyo anaitikia "mm, sawa" huku hayupo. Ukitaka kujua, mwambie arudie ulichosema. Akisema "si umesema ile…", nyamaza, mpeleke kitandani.

Sisi sasa tunafanya hivi. Siku ya kutoka zamu ya mwisho ya wiki, nalala saa mbili asubuhi, dirisha limezibwa kwa blanketi zito, simu iko chumba kingine. Saa sita mchana mke wangu ananiamsha, hata nikilalamika, maana nikipitiliza mpaka saa kumi, usiku nitakodoa macho dari huku yeye amelala. Nusu saa ya kwanza haniulizi kitu, kichwa bado kizito. Kuanzia saa kumi jioni ni saa zetu, na mambo ya fedha na ya ndugu yanasemwa hapo tu. Saa nne usiku tunalala pamoja.

Lakini hiyo ni kwa siku ambayo usiku wake mumeo haendi kazini. Kama anaingia tena, usimkate usingizi saa sita, atasinzia kwenye mashine. Siku hizo shikeni muda wa saa moja kabla hajatoka, mle mezani pamoja.

Akirudi kesho na wewe una neno la mkopo, la ada au la kiwanja, liandike kwenye karatasi. Lingoje Jumamosi jioni.