Pesa niliyoitoa kwenye kampuni: mshahara, gawio au mkopo?

Tulipokuwa tunafunga hesabu za 2025, mhasibu wetu aliniwekea mbele karatasi moja tu. Juu iliandikwa "Akaunti ya mkurugenzi", chini shilingi 1,200,000. "Kaka," akaniuliza, "hizi ni nini?" Nikamjibu ni pesa zangu, kampuni ni yangu. Akatikisa kichwa. "Kampuni ni ya wanahisa, na wewe ni mmoja wao. Niambie jina la pesa hizi, kwa sababu watu wa kodi wa KRA wakiuliza ni lazima ziwe na jina."

Tuna kampuni ndogo ya kuchapisha mabango na kadi hapa Mombasa. Mimi nina hisa 60 kati ya 100, mke wangu 40. Mwaka mzima nilikuwa nikihamisha 60,000 kila mwisho wa mwezi kwenda kwenye simu yangu. Mwezi wa Agosti nikachukua 480,000 kwa mpigo kwa ajili ya paa la nyumba. Sikuandika lolote mahali popote, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Kwa hiyo nimeona nieleze tulivyozipanga, maana najua wengi wanaofanya kama nilivyofanya.

Mhasibu alianza na swali ambalo sikulitarajia: je, kampuni inanidai, au mimi ndiye ninayeidai? Nikakumbuka mashine ya laminesheni niliyoinunua kwa pesa zangu miaka miwili nyuma, 180,000, na risiti ninayo. Hilo lilikuwa deni la kampuni kwangu ambalo halijalipwa. Kwa hiyo katika zile 480,000 za Agosti, 180,000 ni kulipwa deni langu mwenyewe, na kulipwa deni si mapato, hakuna kodi. Kama nawe umewahi kuinunulia kampuni kitu au kuilipia pango la duka, tafuta risiti kabla ya kuhesabu kitu kingine.

Zikabaki 60,000 za kila mwezi na 300,000 za paa.

Hizi 60,000 nilitamani ziitwe gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa. Nilikuwa nimesikia kwamba gawio kwa mkazi wa Kenya linakatwa kodi ya zuio ya 5% tu na mambo yanaishia hapo. Ni kweli, lakini gawio hutoka kwenye faida ambayo tayari imelipiwa kodi ya kampuni ya 30%. Katika kila shilingi 100 za faida zinabaki 70, ukitoa 5% unapata 66.50. Mshahara, kwa upande wake, ni gharama ya kampuni, hivyo hupunguza faida inayotozwa kodi. Katika daraja la 30% la kodi ya mshahara, ukiondoa bima ya afya ya SHIF 2.75% na tozo ya nyumba 1.5% kwako na 1.5% kwa kampuni, katika kila 100 zinazoitoka kampuni hubakiwa na kama 66. Tofauti ni ndogo mno. Na shilingi 24,000 za mwanzo za mwezi hutozwa 10% tu, tena kuna nafuu ya 2,400 kila mwezi, kwa hiyo kwa kipato kidogo mshahara unashinda. Gawio huanza kushinda waziwazi mshahara unapopita 500,000 kwa mwezi, ambako kodi hupanda hadi 32.5% na kisha 35%. Hesabu hii ni ya kampuni inayotozwa kwa faida. Walio kwenye kodi ya mauzo ya 3% hawapunguziwi kitu kwa kulipa mshahara.

Lakini hata kama hesabu ingekuwa upande wangu, gawio lilikuwa na kizuizi kingine. Gawio hugawanywa kwa hisa. Kama 720,000 za mwaka mzima ni gawio la hisa zangu 60, basi mke wangu anastahili 480,000 kwa hisa zake 40, na kampuni haikuwa nazo. Tena lazima liwe limetangazwa kwa azimio, na faida ya kugawa iwepo kweli. Pesa inayotoka tarehe ileile kila mwezi, kiasi kilekile, kwa mtu anayefungua duka saa mbili asubuhi, sura yake ni ya mshahara.

Tukaziita mshahara. Maumivu yako hapa: 60,000 nilizochukua ni pesa mkononi, yaani baada ya makato. Kwa viwango vya katikati ya 2025, ili mtu abakiwe na 60,000, mshahara kamili ni kama 82,700. Kodi ya mshahara, yaani PAYE, peke yake ni karibu 14,800 kwa mwezi, halafu kuna NSSF, SHIF na tozo ya nyumba. Mambo haya hupaswa kuwasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mimi nilikuwa nimechelewa miezi mingi, ikaongezeka faini ya 5% kwa kodi iliyochelewa, riba ya 1% kwa mwezi, na faini ya kutowasilisha ritani kwa wakati. Kama ningeandikisha mshahara huo Januari, faini na riba hiyo isingekuwepo.

Zile 300,000 za paa tukazifanya mkopo, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa moyoni mwangu: nilikusudia kuzirudisha. Ila nia pekee haitoshi. Sheria ya Kampuni ya 2015 inataka mkopo kwa mkurugenzi uidhinishwe na wanahisa. Tukakaa, mimi na mke wangu, tukaandika azimio la kuuthibitisha, na makubaliano ya kurudisha 30,000 kila mwezi kwa miezi 10. Nilimwomba mhasibu aweke tarehe ya Agosti. Alikataa katakata, akasema karatasi itabeba tarehe ya siku tuliyotia sahihi. Nashukuru alikataa, maana karatasi ya tarehe ya uongo ni kosa kubwa kuliko karatasi iliyochelewa.

Mkopo usio na riba nao una kodi yake. KRA hutangaza kila robo mwaka kiwango cha riba ya soko, na kampuni hulipa 30% ya riba ambayo mkurugenzi ameepuka kulipa. Kiwango kikiwa 8%, riba ya 300,000 ni 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi; kodi ni 600 kwa mwezi, ikishuka kadiri deni linavyopungua. Inalipwa na kampuni, tarehe 9 hiyohiyo. Ukiilipa kampuni riba ya kiwango hicho, kodi hiyo haipo.

Mkopo bandia hujulikana kwa urahisi: salio linakua kila mwaka na hakuna hata shilingi inayorudi, au ikifika Desemba mtu analipa kidogo kisha anachukua tena Januari. Tangu mabadiliko ya 2018, sheria ya kodi ya mapato inaruhusu malipo ya kampuni kwa manufaa ya mwanahisa kuhesabiwa kuwa gawio, hata kama pesa haikupita mkononi mwake. Karo ya watoto inayolipwa moja kwa moja kutoka akaunti ya kampuni kwenda shuleni imo humo.

Siku hizi mshahara wangu umeandikishwa, unaingia benki tarehe 28. Nikihitaji zaidi, nampigia mke wangu simu, tunaandika mistari miwili ikisema pesa ni nini na itarudi lini, ndipo ninahamisha. Paa limebakiza awamu sita.