Jiwe la mpaka halimtaji mwenye kiwanja

Ninyi mnaoanza kazi ya kukagua karatasi za viwanja, mtaletewa mara nyingi ramani ya upimaji yenye mihuri, na muuzaji atasema kyapa, yaani hatimiliki, iko njiani. Msimruhusu mteja wenu alipe kwa karatasi hiyo peke yake. Ramani huonyesha umbo la kiwanja, ukubwa na majirani wake. Cheti cha mawe ya mipaka, ambacho wengine hukiita cheti cha bikoni, huorodhesha namba za mawe na viwianishi vyake, kikiwa na sahihi ya mpimaji. Zote mbili hujibu swali moja tu: kiwanja kiko wapi? Hata mtu asiye mwenye ardhi anaweza kumleta mpimaji.

Hata hivyo, zikagueni kwa makini. Chukua kiwanja cha futi 50 kwa 100 huko Wakiso, Uganda. Cheti kinasema jiwe la kwanza liko mashariki 452310.00, kaskazini 41520.00, la pili 452319.14 na 41532.19. Tofauti zake ni mita 9.14 na 12.19. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili: unapata mita 15.24, yaani futi 50 kamili. Sasa nyoosha utepe kati ya mawe yenyewe. Ukisoma mita 13.7, jiwe limehamishwa au unaonyeshwa kiwanja kingine. Jiwe lililong'olewa na kurudishwa mara nyingi hukaa kwenye udongo laini unaotikisika.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu wageni wengi huhangaika nayo. Ramani nyingi za Uganda hutumia mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, na simu hutumia mfumo mwingine, WGS84. Ukiingiza namba za cheti moja kwa moja kwenye simu, utapelekwa karibu mita 300 kutoka kwenye kiwanja. Usimwite muuzaji tapeli kabla mpimaji hajazibadilisha namba hizo.

Swali la nani mwenye ardhi hujibiwa na hatimiliki. Humo mna jina la mmiliki aliyesajiliwa, namba za bloku na kiwanja, na ukurasa wa mizigo: rehani ya benki, au kaveati, yaani zuio, iliyowekwa na mjane au ndugu. Ramani haina ukurasa huo. Nakala aliyoshika muuzaji pia haitoshi, maana kaveati inaweza kuwa imeingia jana. Ombeni upekuzi wa rejista katika ofisi ya ardhi ya kanda, kisha linganisheni eneo la hatimiliki na lile la ramani. Kiwanja chetu ni mita za mraba 464.5, yaani takriban hekta 0.046.

Kwenye ardhi ya mailo, yaani umiliki wa kudumu unaopatikana hasa Buganda, kuna jambo ambalo karatasi zote tatu hunyamazia, nalo ni mwenye kibanja, yaani mkaaji mwenye haki ya kuishi na kulima kwenye ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mwingine. Nendeni kiwanjani na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na majirani. Mkikuta migomba inapaliliwa, muulizeni anayeipalilia.