Rangi zitoke kwenye kitenge cha mama

"Tuko sita, tunapiga picha jioni pale Jiwe la Bismarck. Mama hataki sare. Tuvaeje?"

Anzeni na kitenge cha mama, ndicho chenye rangi nyingi. Tuseme kina bluu iliyokoza, haradali na maziwa. Wewe na baba vaeni mashati ya bluu hiyo, dada gauni la haradali, wadogo rangi ya maziwa. Maua makubwa yabaki kwa mama peke yake. Kijivu hapana, mtamezwa na mawe. Nyeupe pe nayo iacheni: kamera hupunguza mwanga kwa ajili ya shati, nyuso zikafifia.

Sisi tulisahau viatu. Kaka akatokea na raba za kijani, jicho linakimbilia hapo tu! Usiku wa kuamkia, tandikeni nguo zote kitandani, viatu pia, mzipige picha kwa simu. Inayokurukia kwanza, kama si kitenge, ibadilishwe.