Wagonjwa 40, wigo wawili: sentensi gani uwaandikie wasomaji wa kawaida

Tuchukue jaribio dogo la mfano. Wagonjwa 40 wenye vidonda sugu vya mguu wamegawanywa kwa bahati nasibu: 20 wanapata dawa mpya ya kupaka, 20 wanaendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya wiki 12, vidonda vimefunga kwa 14 kati ya 20 upande wa dawa mpya, na kwa 9 kati ya 20 upande wa pili. Hiyo ni 70% dhidi ya 45%, tofauti ya pointi 25. Sasa ripoti inatakiwa isomwe na wagonjwa, wauguzi na wafadhili ambao hawajawahi kusoma takwimu.

Kosa la kwanza hutokea hapohapo, katika sentensi moja: "Tuna uhakika wa 95% kwamba tofauti ya kweli iko kati ya hapa na pale." Kama wigo, yaani hicho kipande cha kutoka hapa hadi pale, ulikokotolewa kwa njia ya marudio, ile iliyojengwa na Jerzy Neyman mwaka 1937, sentensi hiyo haina msingi. Ile 95% inaisema njia, haiusemi wigo ulio mkononi mwako: jaribio likirudiwa mara nyingi mno, wigo 95 hivi katika kila 100 zitakazokokotolewa kwa njia hiyo zitaibeba tofauti ya kweli. Ni sifa ya mtego, si ya samaki aliyenaswa leo. Wigo wako mmoja ama umeibeba tofauti ya kweli ama umeikosa, na njia yenyewe haikwambii ni lipi.

Tatizo ni kwamba msomaji wa kawaida ataisoma sentensi ile ya kimakosa hata kama hukuiandika. Ukiandika tafsiri sahihi ya marudio, ataipita bila kuielewa. Ndiyo maana kwa ripoti za aina hii tunapendelea wigo wa Kibayesi: tafsiri anayoitaka msomaji ndiyo tafsiri yake halali. Lakini halali hiyo ina gharama, nayo ni makadirio ya awali, yaani ulichoamini kuhusu dawa kabla ya kuona data.

Kwanza tuone namba zenyewe. Kwenye programu ya R, amri ya kawaida `prop.test(c(14,9), c(20,20))` inatoa wigo wa tofauti kuanzia karibu −10 hadi 60. Ukiongeza `correct=FALSE` unapata −5 hadi 55. Njia ya Newcombe, inayounganisha wigo za Wilson za kila kundi na kufaa zaidi kwa makundi madogo, inatoa −5 hadi 50. Wanaosema njia ya marudio haina uchaguzi wa mtafiti ndani yake wazitazame namba hizo tatu kwa data ileile. Tumia Newcombe, na uitaje kwa jina kwenye maelezo ya mbinu.

Upande wa Kibayesi, makadirio ya awali mepesi kabisa ni kusema kwamba kabla ya jaribio kila kiwango cha kupona, toka 0% hadi 100%, kilikuwa na nafasi sawa. Kwa hesabu ni kama kuongeza wagonjwa wawili wa kufikirika kila kundi, mmoja aliyepona na mmoja ambaye hakupona:

```r
set.seed(1)
a <- rbeta(100000, 14+1, 6+1)
b <- rbeta(100000, 9+1, 11+1)
d <- a - b
quantile(d, c(.025, .975))
mean(d > 0)
mean(d > 0.10)
```

Wigo unatoka karibu −6 hadi 50. Ni uleule wa Newcombe, kwa kutupia jicho! Hili huwashangaza wengi. Makadirio ya awali yakiwa mepesi, namba hazibadiliki sana. Kinachobadilika ni sentensi unayoruhusiwa kuandika. Sasa unaweza kusema kuna uwezekano wa karibu 94% kwamba dawa mpya ni bora kuliko ya kawaida, na karibu 81% kwamba inawaponya watu zaidi ya 10 wa ziada katika kila 100. Kizingiti hicho cha 10 kiandikwe kwenye mpango wa jaribio kabla ya data kufunguliwa, la sivyo utajikuta unakichagua kile kinachopendeza.

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. "94%" inasikika kama hukumu, kumbe imetoka kwa watu 40. Isitoshe, makadirio mepesi hayana unyenyekevu kama yanavyoonekana: yanachukulia kwamba tofauti kubwa mno, kama ya pointi 50, haikuwa jambo la ajabu tangu mwanzo. Kwa dawa za kupaka vidonda, nani anaamini hivyo?

Kwa hiyo fanya hesabu ya pili kwa macho ya mtu mwenye shaka. Sema anatarajia tofauti ya sifuri, na kwamba kwa 95% haiwezi kuvuka pointi 20 upande wowote. Hiyo ni mkengeuko sanifu wa karibu pointi 10. Kosa sanifu la data ni pointi 15.1. Uzito wa kila upande ni moja gawanya kwa mraba wa namba yake, zikiandikwa kama desimali: 1/0.10² ni 100, na 1/0.151² ni karibu 44. Tofauti mpya ni 25 × 44/144, yaani karibu pointi 8, na wigo wake ni −9 hadi 24. Uwezekano kwamba dawa mpya ni bora unashuka hadi karibu 82%.

Angalia uzito huo: 100 kwa 44. Shaka ya mtu huyu ina nguvu ya jaribio la wagonjwa wapatao 90 lililokuta hakuna tofauti yoyote. Mwambie msomaji hivyo kwa maneno hayohayo, kwa sababu wagonjwa anawaelewa, mkengeuko sanifu hapana. Na uchapishe majibu yote mawili pamoja. Umbali kati ya 94% na 82% ndio unaoonyesha data peke yake imesema kiasi gani.

Sentensi ya ripoti inaweza kuwa hivi: "Kati ya kila wagonjwa 100, dawa mpya inaweza kuponya 50 zaidi au hata 6 pungufu ya matibabu ya kawaida. Uwezekano kwamba ni bora ni karibu 94% tukianza bila msimamo, na karibu 82% tukianza na shaka." Kama jarida linadai wigo wa marudio tu, andika kwamba data zinapatana na chochote kati ya 5 pungufu na 50 zaidi, na usitaje neno uwezekano. Wala usiandike "hakuna tofauti" kwa sababu tu wigo umegusa sifuri. Wigo unaofika 50 hauwezi kusema hivyo.

Usisahau madhara. Ikiwa hakuna hata mmoja kati ya wale 20 aliyepata mzio, kanuni ya kawaida ya vitabuni inatoa wigo wa 0 hadi 0, upuuzi mtupu. Kanuni ya namba tatu inagawanya 3 kwa idadi ya wagonjwa: 3/20, yaani kikomo cha juu cha 15%. Njia ya Kibayesi yenye makadirio mepesi inatoa karibu 13%. Kwa vyovyote, sentensi ni hii: "Hatukuona mzio wowote, lakini kwa wagonjwa 20 tu hatuwezi kuondoa uwezekano kwamba unampata mtu mmoja kati ya kila 7."