"Nilimwona akivuka": jinsi -ki- inavyokuponza kwenye kujaza nafasi

Kama umeanza karibuni mazoezi ya kujaza nafasi ya Kiingereza, jaribu kwanza hili moja. Kitenzi kimeandikwa pembeni, kazi yako ni kukipa umbo linalofaa.

```
I saw an old man ______ the road and go into the shop.   cross
```

Wengi wetu tuliokulia kwenye Kiswahili tunaandika "crossing" bila hata kusita. Nami niliandika hivyo nilipokuwa sekondari, nikakosa. Swali lililofuata nikajaza kitenzi kitupu, kwa hoja kwamba -ing imeshakataliwa, nikakosa tena. Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: soma sentensi yote. Ushauri ulikuwa wa kweli, ila hakunieleza nikiisoma yote natafuta nini. Sasa ni mimi ninayesahihisha daftari za twisheni ya jioni, na kosa ninaloliona ni lilelile langu.

Chanzo chake ni -ki-. Kwa Kiswahili nasema "nilimwona mzee akivuka barabara" na nimemaliza. Hakuna anayeniuliza kama nilimwona tangu anakanyaga lami hadi anafika ng'ambo, au nilimtupia jicho mara moja akiwa katikati nikaendelea na safari yangu. Akitaka kujua ataniuliza. Kiingereza hakisubiri kuulizwa, kinakulazimisha uchague papo hapo. Ukisema "saw him cross", umeliona tendo zima, mwanzo hadi mwisho. Ukisema "saw him crossing", macho yako yalimkuta akiwa ndani ya tendo, na kama alifika ng'ambo au hakufika hujasema.

Njia rahisi ya kuhisi tofauti hiyo ni kuongeza kipande cha kuivunja safari ya mzee:

```
I saw him crossing the road, but a lorry came and he ran back.
I saw him cross the road, but a lorry came and he ran back.
```

Ya kwanza imetulia. Ya pili inajipinga: umeshasema alivuka, halafu unasema alirudi kabla hajavuka. Kaa na sentensi hizi mbili mpaka ya pili ianze kukukera sikioni. Ikishakukera, kazi kubwa umeimaliza.

Kabla ya kwenda mbele, tuyaondoe makosa ya umbo, maana hayo hayana mjadala. Daftarini nakuta "I saw him crossed", "I saw him was crossing", hata "I saw him to cross". La kwanza linatokana na kuona "saw" iko wakati uliopita, mtu akadhani kitenzi cha pili lazima kiifuate. La pili linatokana na lugha yetu moja kwa moja. "Akivuka" ina a- ya mtenda ndani yake, kwa hiyo tunakitafutia kitenzi cha Kiingereza nacho mtenda na wakati wake. Hakivihitaji. "Him" imeshashika nafasi ya mtenda, na "saw" imeshabeba wakati. Kinachofuata ni kitenzi kitupu au chenye -ing, basi. La tatu, lile la "to", tutalirudia, kwa sababu kuna mahali ambapo "to" inahitajika kweli.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kwa nini "crossing" ilikuwa kosa? Kwa sababu ya neno dogo "go", lililokaa baada ya "and". Mtunga swali ameliacha tupu, nawe unatakiwa kuona kwamba limefungwa nira moja na nafasi yako. Nilimwona akafanya hiki, akafanya kile. Kama angekuwa ameandika "going", jibu lingegeuka. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta si maana, ni jirani: kuna kitenzi kingine kilichounganishwa na hiki, na kina umbo gani?

Pasipo jirani, mimi hutumia ungo wa Kiswahili chenyewe. Simulia sentensi hiyo kama kisa, kisha uone kama -ka- inakaa palipokuwa na -ki-. "Nilimwona mzee akavuka barabara, akaingia dukani." Imekaa, kwa sababu -ka- husukuma kisa mbele, tendo moja likiisha ndipo linakuja lingine. Hapo Kiingereza hutaka kitenzi kitupu. Lakini chukua hii: "Nilipofungua dirisha, nilimwona mzee akivuka barabara." Ukitia "akavuka", inakuwa kana kwamba mzee alisubiri ufungue dirisha ndipo avuke. Kama sivyo unavyomaanisha, -ki- ndiyo yake, na Kiingereza ni "crossing". Mwalimu wa Kiswahili mwenye masikio makali anaweza kukunja uso kwa "nilimwona akavuka", na sitabishana naye. Huu ni ungo wa kupepetea majibu kichwani, usiuandike kwenye insha.

Kuna maneno machache yanayoamua jambo kabla hujafika kwenye ungo. "Once" ni moja. "I heard the dog bark once" ni mlio mmoja uliokwisha. "I heard the dog barking" ni kelele iliyoendelea. Kwa vitenzi vya tendo la mara moja, kama "bark", "knock", "jump" na "cough", -ing kwa kawaida humaanisha tendo lilirudiwarudiwa. La pili ni "could" au "can" mbele ya kitenzi cha kuona au kusikia. "I could hear somebody ______" inaeleza hali ya kusikia iliyokuwa inaendelea, na karibu daima nafasi hiyo hudai -ing: "crying", "singing", "laughing". La tatu ni "smell", ambayo inabaki na -ing: "I can smell something burning", kamwe si "burn". Harufu haina mwanzo na mwisho wa kutazama, unaikuta tu.

"Never" nayo huvuta upande wa kitupu. "I have never heard him complain" inazungumzia tukio zima, kwamba halijatokea hata mara moja mbele yako.

Basi tukae na kifungu kimoja, kama kile ninachowapa wageni juma la kwanza:

```
When I looked out, I saw a man (1) ______ under the mango tree.   sit
I watched him (2) ______ up, (3) ______ his bag and walk away.   stand, take
A minute later I heard the gate (4) ______ once.   bang
He was seen (5) ______ the last bus.   board
```

Nafasi ya kwanza inajibiwa na "When I looked out". Mtu alikuwa ameshakaa pale kabla hujachungulia, hukumwona akiinama na kukaa. "Sitting". Ukiandika "sit", unasema ulichungulia, ndipo akashusha makalio. Mtu anaweza kuitungia hiyo kisa, lakini si kisa hiki.

Ya pili na ya tatu zinajibiwa na "walk" mwishoni mwa mstari. Imeachwa tupu, na matendo matatu yamepangwa kwa foleni: akasimama, akachukua begi, akaondoka. "Stand", "take". Hapa ndipo wanafunzi wangu huangukia zaidi, kwa sababu "watch" inawaambia "kutazama kwa muda", nao wanaona muda unadai -ing. Haudai. Unaweza kutazama kwa muda mrefu na bado ukaliona tendo lote. Swali ni kama tendo lilifika mwisho machoni pako.

Ya nne ni "bang", kwa ajili ya "once". "Banging" ingekuwa geti linalopigapiga kwa upepo.

Ya tano ndiyo inayonifanya nipende kifungu hiki. Kitenzi cha kuona kimewekwa katika kauli ya kutendwa, na hapo kile kitupu hakiwezi kubaki kitupu. "Was seen board" ni kosa. Ile "to" tuliyoifukuza juu inarudi: "was seen to board". Ni tabia ileile ya "make": unasema "they made him pay", lakini ukigeuza, "he was made to pay". Ukiona "was seen", "was heard", "were noticed", simama kwanza. Ila -ing haiguswi na mgeuko huo. "He was seen boarding the last bus" ni sahihi vilevile, kwa maana ya kwamba mtu alimkuta akiwa mlangoni pa basi. Kwa hiyo nafasi ya tano ina majibu mawili, nami huyapa yote mawili alama. Linalokosa ni moja tu, lile tupu.

Wakati mwingine linalotendwa ni shamirisho lenyewe, kama katika "I heard my name ______" na kitenzi ni "call". Jina haliiti, linaitwa. Kiswahili hapa kinakusaidia badala ya kukuponza, kwa sababu kinaonyesha wazi: "nilisikia jina langu likiitwa". Ukiisikia hiyo -w- kwenye tafsiri yako, usiandike "call" wala "calling". Andika "called".

Mazoezi yasiyotoa kitenzi chochote, kama kile kifungu chenye nafasi kumi katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari huko Kenya, yana mtego wake. Nafasi moja inataka neno moja. Ukikuta "was seen ______ enter", wanachotafuta ni "to", na mwanafunzi aliyezoea kupewa kitenzi pembeni huhangaika kutafuta neno kubwa.

Yabaki maswali yasiyo na dalili yoyote. Niliwahi kumkata mwanafunzi alama kwa sentensi hii kwa sababu ufunguo wa majibu uliokuja na zoezi ulikuwa na "run":

```
I saw the boy ______ across the field.   run
Alijibu: running
```

Alinifuata baada ya kipindi, akaniuliza ni neno gani katika sentensi linalokataza "running". Niliisoma mara tatu mbele yake. Hakuna jirani, hakuna "once", hakuna "when", hakuna anayejua kama mvulana alifika upande wa pili. Nilimrudishia alama, na kwenye ufunguo nikaongeza jibu la pili kwa kalamu. Ukiwa kwenye mtihani, mbele ya sentensi kama hiyo, andika lolote kati ya hayo mawili uende swali linalofuata. Dakika zako zinahitajika kwenye zile zenye dalili.