Ile 10% ni ya mwaka wa tatu au ya miaka mitatu?

Juzi dada mmoja anayesoma makala zangu aliniandikia: "Kaka, mabosi wanataka kila mwaka wa mradi uwe na kiwango chake cha punguzo, kitoke kwenye riba za hatifungani za serikali. Naanzia wapi?" Nikacheka, kisha kidonda kikauma. Swali hilohilo liliwahi kuniumbua mbele ya kamati nzima.

Tulitaka kununua jenereta kwa shilingi milioni 101.5 na kuikodisha kwa taasisi ya serikali. Kodi ilikuwa milioni 40 kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitatu, kisha jenereta ni chuma chakavu. Kwa kuwa mlipaji ni serikali, sikuongeza chochote cha hatari juu ya riba zake: 8% kwa mwaka mmoja, 9% kwa miwili, 10% kwa mitatu. Kodi ya mwaka wa tatu nikaigawa kwa 1.10, kisha 1.09, kisha 1.08. Jumla ya thamani ya sasa ikaja milioni 101.91, faida ya laki nne. Siku hiyo nilivaa tai mpya.

Mwenyekiti, mzee mpole, akauliza, "Kijana, hii 10% ni ya mwaka wa tatu au ya miaka mitatu?"

Nikabaki naangalia skrini.

Ni ya miaka mitatu. Fedha inayokaa miaka yote mitatu hukua kwa 10% kila mwaka, tangu wa kwanza. Kwa hiyo kodi ya tatu inagawanywa kwa 1.10 mara tatu na kuwa milioni 30.05, wala si 30.89 niliyopata mimi. Ya pili inagawanywa kwa 1.09 mara mbili: 33.67. Ya kwanza ni 37.04. Jumla ni 100.76, yaani hasara ya zaidi ya laki saba. Kwenye Excel, mwaka ukiwa safu A, fedha B na riba C:

```
=B4/(1+C4)^A4
```

Ukitaka kweli kiwango cha mwaka wa tatu peke yake, gawa 1.10^3 kwa 1.09^2: unapata 12.03%. Hapo ndipo unaruhusiwa kushuka mwaka hadi mwaka kama nilivyofanya. Riba zikipanda kadiri muda unavyorefuka, kosa langu huupamba mradi, zikishuka, huuonea.

Na wewe usiyependa kusoma maelezo ya chini ya jedwali, nisikilize. Mapato yanayotangazwa ya hatifungani yenye kuponi, yaani inayolipa riba kidogokidogo kabla ya kukomaa, siyo riba hizi. Chukua ya miaka miwili inayouzwa kwa 100 na kulipa kuponi ya 8.96 kwa mwaka. Kuponi ya kwanza, ikigawanywa kwa 1.08, ni 8.30. Toa kwenye 100, inabaki 91.70. Gawa 108.96, yaani 100 pamoja na kuponi ya mwisho, kwa hiyo 91.70, tafuta kipeuo cha pili: 1.09, ndiyo ile 9%. Ya miaka mitatu unaijenga juu ya hiyo.

Ukimaliza, tumia viwango vyako kuthaminisha hatifungani ileile. Isiporudi kwenye bei yake ya soko, usipeleke jedwali kwenye kamati.